Barua ya kazi baada ya miaka tisa nyumbani

*Shangazi, shikamoo. Nina diploma ya uhasibu na niliwahi kuwa karani wa hesabu kwenye kampuni ya usafirishaji hadi 2016, nikaacha kulea watoto. Sasa duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro linatafuta karani wa hesabu. Barua yangu nimeianza hivi: "Naomba mnisamehe kwa kuwa nimekaa nyumbani miaka tisa." Kazi niliyofanya miaka hii ni kutunza vitabu vya kikoba chetu cha akina mama thelathini tu. Mume wangu anasema nifiche hiyo miaka. Nifanyeje? — Mama Wawili*

Marahaba mwanangu. Sentensi hiyo ya kwanza ifute leo hii. Usifiche miaka pia, kwa sababu wasifu wako una tarehe, na mtu wa hesabu huziona tarehe kabla ya maneno. Akikuta 2016 halafu kimya, atajaza mwenyewe, na huenda akafikiria ulifukuzwa kwa upotevu wa fedha. Kwa nafasi inayoshika fedha, hilo ndilo litakalokuangusha. Sema mara moja, kwa sentensi moja, katikati ya barua: "Mwaka 2016 niliacha kazi kwa hiari ili kulea watoto, sasa wote wako shuleni na ninaweza kufanya kazi saa zote za ofisi." Hapo weka nukta. Usieleze zaidi.

Kitu kinachonisikitisha kwenye barua yako ni hilo neno "tu" ulilolibandika kwenye kikoba. Akina mama thelathini wanaoweka hisa, wanaokopa na kurejesha na riba, maana yake una leja ya kila mwanachama, una orodha ya wadaiwa, una fedha taslimu na una akaunti ya benki. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anakopesha mafundi saruji na nondo, na kinachomkosesha usingizi ni wadaiwa. Kazi hiyo unaijua. Basi aya ya kwanza, baada ya YAH: MAOMBI YA KAZI YA KARANI WA HESABU, iende hivi:

"Ninaomba nafasi ya karani wa hesabu mliyoitangaza. Nina diploma ya uhasibu. Kwa sasa natunza vitabu vya kikundi cha kuweka na kukopa chenye wanachama 30: naandika daftari la fedha, nafuatilia marejesho ya mikopo, na kila mwisho wa mwezi nafanya usuluhishi wa benki."

Uandike usuluhishi wa benki kama kweli unaufanya, maana kwenye usaili wanapenda kukupa karatasi yenye swali hilohilo. Chukua mfano. Daftari lako linasema mna shilingi 2,450,000. Taarifa ya benki inasema 2,138,000. Tofauti ni 312,000, na aliyekaa muda mrefu bila kazi hukimbilia kubadilisha daftari lifanane na benki. Usifanye hivyo. Weka tiki kwa kila muamala unaoonekana pande zote mbili, kisha tazama uliobaki bila tiki. Unakuta 300,000 uliyopeleka benki tarehe 31 jioni, nayo imeingizwa tarehe 1. Hiyo unaijumlisha upande wa benki. Unakuta makato ya benki 12,000 ambayo hukuyaandika. Hayo unayatoa kwenye daftari. Pande zote mbili zinakuja 2,438,000. Kinachoingia kwenye daftari ni yale makato peke yake.

Jambo jingine ni kodi. Ulipoacha kazi, mshahara usiokatwa PAYE uliishia 170,000 kwa mwezi. Tangu 2020 ni 270,000, na kiwango cha chini, kilichokuwa asilimia 9, kikashushwa hadi 8 mwaka 2021. Ukitaja kiwango cha zamani kwenye usaili, ile miaka tisa itaonekana papo hapo. Pitia tovuti ya TRA, andika viwango vya sasa kwenye daftari lako, na kumbuka kwamba PAYE hulipwa ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata na ritani ya VAT ni tarehe 20. Ukishapitia, barua iseme: "Nimejikumbusha viwango vya sasa vya PAYE na VAT." Kama tangazo limetaja programu ya hesabu ya Tally na hujaigusa tangu 2016, andika kwamba uliitumia kazini hadi mwaka huo. Usiandike "mahiri", kwa maana watakukalisha mbele ya kompyuta.

Wadhamini weka wawili. Mmoja awe msimamizi wako wa zamani, ukimpigia kwanza umkumbushe wewe ni nani na ulifanya nini, kwani miaka imepita. Wa pili awe mwenyekiti wa kikoba. Huyo akipigiwa simu atasema fedha za wanachama zimepita mikononi mwako na vitabu vimefunga, na kwa mwenye duka neno hilo lina uzito kuliko cheti. Barua isizidi ukurasa mmoja. Mpe mtu mwingine aisome tarakimu kwa tarakimu kabla hujaipeleka, kwani karani anayekosea namba yake ya simu kwenye barua hatapigiwa.