Mfumuko wa bei: mahitaji au gharama?

"Bei ya unga ikipanda, nitajuaje kama chanzo ni mahitaji au gharama?"

Tazama na kiasi kinachouzwa. Mahitaji yakizidi uwezo wa uzalishaji, bei na mauzo hupanda pamoja. Gharama zikipanda, bei hupanda huku mauzo yakishuka. Kenya 2022 iliangukia zaidi hapo pa pili: vita vya Ukraine vilipandisha mafuta, ngano na mbolea, ukame ukapunguza mahindi, na Oktoba mfumuko ukafika asilimia 9.6. Benki Kuu ilipandisha riba, lakini riba haileti mvua. Inachofanya ni kupunguza matumizi ya mkopo ili kupanda huko kusienee kwenye bidhaa nyingine.

Tahadhari ya mtihani: unga peke yake kupanda si mfumuko. Mfumuko ni kiwango cha jumla cha bei kuendelea kupanda.

Jipime:
1. Mishahara imeongezwa, mabati yamepanda bei na yanauzwa zaidi. Chanzo?
2. Dizeli imepanda, nauli pia, abiria wamepungua. Chanzo?
3. Mafuta ni asilimia 5 ya kapu la bidhaa, yamepanda asilimia 20, mengine yako palepale. Bei ya kapu zima imepanda kwa kiasi gani?

Majibu: mahitaji, gharama, 0.05 × 20 = asilimia 1.