Mbegu ya chotara niliyoitunza mwenyewe, na ugomvi nilioufanya dukani

Juzi dada mmoja wa Nachingwea ameniandikia: "Kaka, mahindi yangu ya chotara yalizaa sana. Nimeshachagua mihindi minene kwa ajili ya msimu ujao. Nipande ekari ngapi?" Nilimjibu asipande hata nusu ekari. Hakufurahi, akanijibu kwamba mbegu ameijaribu na imeota vizuri. Hapo nikajiona mimi mwenyewe kule Masasi.

Mwaka ule nilikuwa nimepata gunia 16 kwa ekari. Kijijini kwetu hakuna aliyenikaribia, na nilitembea kifua mbele. Baada ya kuvuna nikachagua mihindi mikubwa kuliko yote kwenye lundo, nikaitundika juu ya meko, moshi ukaitunza. Novemba nikafukia punje 10 kwenye mchanga wenye unyevu, zikaota 9. Nikasema basi, dukani siendi tena.

Desemba nikapanda. Wiki mbili za kwanza shamba lilipendeza. Lilipofika urefu wa goti ndipo nikaanza kuona mambo. Shina moja limenipita kimo, la jirani yake linaishia kiunoni. Mengine yalitoa mbelewele mapema, mengine yakachelewa karibu siku 10, hivyo ndevu za baadhi zilichomoza wakati chavua imekwisha. Nilipomenya nilikuta magunzi yenye mapengo, punje hapa na pale kama meno ya mtoto. Gunia zikawa 9 kwa ekari, na mvua ilikuwa nzuri. Baba mdogo, shamba la pili kutoka langu, alipanda Staha, mbegu isiyo chotara, aliyoitunza mwenyewe, akapata 11.

Nilikwenda kwa muuza pembejeo nikamgombeza mbele za watu kwamba aliniuzia mbegu iliyouliwa ili nirudi kununua kila mwaka. Hakuwa na kosa. Nimeshamwomba radhi, lakini salamu yake hadi leo ni ya midomoni tu, na inaniuma.

Mbegu haikuuliwa, ndiyo maana iliota. Kuota kunakuambia punje iko hai. Hakukuambii itazaa nini.

Chotara hutengenezwa hivi: watafiti huchukua mahindi ya ukoo mmoja, huyachavusha yenyewe kwa yenyewe vizazi vingi mpaka yanafanana kabisa. Yanakuwa dhaifu na mafupi. Kisha ukoo huo hupandishwa na ukoo mwingine ulio mbali nao, na mtoto wa kwanza hutoka na nguvu ambayo wazazi wote wawili hawana. Mimea yote shambani inafanana kwa sababu kila punje imebeba mchanganyiko uleule. Punje unazovuna wewe ni wajukuu. Kwao mchanganyiko unavunjika: huyu karithi kimo cha babu, yule udhaifu wa bibi.

Kwa chotara ya wazazi wawili, karibu nusu ya ile nguvu ya ziada hupotea kwa wajukuu. Chukulia wazazi wangezaa gunia 4 kwa ekari na mtoto 16. Ziada ni 12, nusu yake 6 inaondoka, zinabaki 10. Mimi nilipata 9. Chotara ya wazazi watatu hupoteza kama theluthi, kwa hiyo anguko lake ni dogo, lakini lipo. Na kuchagua mhindi mnene hakuzuii, kwa sababu unene ule ulikuwa wa mama, na punje zake tayari zimechanganyika.

Staha na TMV-1 ni mbegu za mahindi za uchavushaji huria. Shamba lake tangu mwanzo ni mchanganyiko wa mimea mingi iliyozoea kuchavushana, kwa hiyo mtoto anafanana na mzazi. Kiwango chake ni cha chini kuliko chotara mpya yenye mbolea ya kutosha, hilo tukubali. Ila ukiitunza inabaki na wewe.

Ndugu zangu, tusikilizane hapa. Kama una hela ya mbegu na mbolea, nunua chotara mpya kila msimu. Kama huna, panda ya uchavushaji huria na uitunze inavyotakiwa. Chagua mimea ikiwa bado imesimama, katikati ya shamba, mbali na mahindi ya jirani kwa mita 200 au zaidi, isiyo na milia kwenye majani. Usichague mitano au kumi. Chukua mihindi isiyopungua 100 kutoka mimea tofauti, la sivyo ukoo unajifunga na shamba linadhoofika. Tumia punje za katikati ya gunzi. Kukauka kwake jaribu kwa chumvi kavu: tia punje na chumvi kwenye chupa kavu, tikisa, subiri dakika 10. Chumvi ikigandia ukutani, rudisha juani. Baada ya misimu mitatu hivi, nunua upya.

Karanga na choroko zako usizihofie kwa sababu hii, kwa kawaida hujichavusha zenyewe.

Yule dada nimemshauri atenge mistari minne tu ya mbegu yake kando ya Staha, mvua ileile, mbolea ileile, ahesabu mwenyewe siku ya kuvuna. Amekubali. Mihindi iliyobaki ameshaipukuchua, wanasaga unga.