Fulana nyeusi na fundi wa Kariakoo

"Nachukua oda za fulana na vikombe, nachapisha mteja akishalipa. Fundi wa kwanza fulana zake zimepauka baada ya kufuliwa mara mbili. Nimtafute fundi wa aina gani?"

Ndugu yangu, kabla ya kuhama fundi, angalia lebo ya fulana. Kama ni pamba na fundi alitumia sablimesheni, yaani wino unaogeuka mvuke kwa joto na kuingia kwenye kitambaa, jibu ni hilo. Wino ule hushika kwenye poliesta tu, tena nyeupe au ya rangi nyepesi. Kwenye pamba unatoka na maji. Ndiyo maana hata kikombe lazima kiwe kile kilichopakwa tabaka maalumu la poliesta, siyo cha kawaida cha dukani.

Kwa fulana za pamba, hasa nyeusi, ulizia Kariakoo anayechapa kwa DTF. Mchoro unachapwa kwenye filamu, wino mweupe ukiwa tabaka la nyuma, unanyunyiziwa unga wa gundi, kisha unabanwa kwa joto. Mpe PNG isiyo na mandhari ya nyuma. Mchoro wa upana wa sentimita 30 uwe na pikseli kama 3,500 kwa upana huo, la sivyo kingo zitaonekana zenye ukungu.

Lipia fulana moja kwanza. Iache siku nzima, igeuze ndani nje, ifue, kisha vuta kitambaa taratibu. Mchoro ukipasuka au pembe zikibanduka, joto au mgandamizo haukutosha. Ikifaulu, hiyohiyo ipige picha umwoneshe mteja, maana rangi za kwenye skrini hung'aa kuliko wino.