Jibu la IRAC lisahihishe ukianzia mwisho

Msomaji wa mwaka wa kwanza wa sheria ameniandikia akiwa na uchungu. Vifungu anavijua, mpangilio wa IRAC ameufuata, yaani hoja, sheria, matumizi na hitimisho, lakini swali la mikataba limempa alama 9 kati ya 20. Amenitumia swali na jibu lake na kuniruhusu niyatumie, mradi nibadilishe majina. Nimelisoma jibu. Vichwa vyote vinne vipo na vifungu ni sahihi. Kasoro zake ni za aina ambayo dakika tano za kusahihisha zingezinasa, kama angejua aanzie wapi.

Swali lilikuwa hivi. Juma wa Morogoro alimwandikia Neema wa Mwanza barua akitaka kumuuzia mashine ya kusaga kwa Sh 4,000,000. Barua ilimfikia Neema tarehe 4 Machi. Tarehe 5 Juma akabadili mawazo, akaweka posta barua ya kutengua ofa. Tarehe 6 Neema, asiyejua lolote, akaweka posta barua ya kukubali. Tarehe 8 akapokea ile barua ya kutengua. Tarehe 9 akampigia Juma simu kumwambia kwamba naye hataki tena mashine. Tarehe 10 barua yake ya kukubali ikamfikia Juma. Sasa Juma amepata habari kwamba bei ya mashine imeshuka, na anataka kumshtaki Neema kwa kuvunja mkataba. Mshauri Juma.

Jibu la msomaji wetu lilitaja kifungu cha 4 na cha 5 vya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, likaongeza kesi ya Byrne dhidi ya Van Tienhoven ya 1880, kisha likasema: "Kwa kuzingatia sheria hiyo, ukubali ulikamilika kabla ya ofa kutenguliwa, hivyo kuna mkataba halali." Hitimisho: Juma amshtaki Neema.

Ukisahihisha kwa kusoma kutoka juu kwenda chini utaliona jibu hili ni zuri, kwa sababu akili yako inajaza yenyewe usichokiandika. Kwa hiyo anza na hitimisho. Lisome peke yake, kisha rudi kwenye mstari wa mwisho wa swali uone kama ndicho ulichoulizwa. Hapa mstari unasema mshauri Juma, na Juma anataka kumdai Neema. Swali basi si kama mkataba uliwahi kuwapo tu, bali kama unamfunga Neema leo. Hoja ya msomaji wetu ilikuwa "Je, kuna mkataba kati ya Juma na Neema?" Hoja pana namna hiyo humruhusu mwandishi kusimama katikati ya njia akidhani amefika.

Hatua ya pili ifanyie kwenye karatasi ya maswali, siyo kwenye jibu. Chukua kalamu na ukate kila tarehe na kila tukio ambalo sehemu yako ya matumizi imelitaja. Kwa jibu hili ungejikuta hujakata kitu chochote, na hilo peke yake ni kengele. Hata tukimpa faida ya kudhani kwamba tarehe 6 na 8 alikuwa nazo kichwani, simu ya tarehe 9 imebaki wazi kabisa. Mtunzi wa swali haweki simu kwa kupamba. Bei ya Sh 4,000,000 unaweza kuiacha, maana hakuna anayebishania bei, lakini tukio linalobadilisha msimamo wa upande mmoja huliachi bila kujua kwa nini unaliacha.

Hatua ya tatu ni kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Funika majina na tarehe katika aya ya matumizi. Kama aya bado inasomeka vizuri na ingeweza kuhamishiwa swali la mtu mwingine, hayo si matumizi, ni sheria uliyoirudia kwa maneno mengine. "Kwa kuzingatia sheria hiyo" ndiyo alama ya kwanza ya ugonjwa huu. Kila sentensi ya matumizi inatakiwa kubeba sharti moja la sheria, ukweli mmoja wa swali, na neno "kwa sababu" linaloviunganisha.

Ukifika kwenye sheria, usihesabu vifungu. Hesabu masharti yaliyomo ndani yake. Kifungu cha 4 kina pande mbili na mwanafunzi huyu alitumia upande mmoja tu. Ukubali unakamilika dhidi ya mtoa ofa pale unapotumwa na kutoka mikononi mwa mkubali. Dhidi ya mkubali mwenyewe, unakamilika pale mtoa ofa anapoufahamu. Kifungu cha 5 nacho kinaruhusu ofa itenguliwe kabla ya hatua ya kwanza, na ukubali utenguliwe kabla ya ya pili. Wengi hujikwaa hapa kwa sababu wamekariri kanuni ya posta ya Kiingereza, ile ya Adams dhidi ya Lindsell ya 1818, inayounda mkataba siku barua ya kukubali inapowekwa posta. Ukiwa na kanuni hiyo peke yake, simu ya Neema haina pa kukaa, nawe unaipita. Sheria yetu iliyoandikwa ndiyo itangulie, kesi za Kiingereza zifuate kama msaada wa kuieleza.

Sasa matumizi yaandikwe upya. Utenguzi wa Juma haukufaa kitu, kwa sababu ulimfikia Neema tarehe 8, ilhali ukubali ulikwisha kukamilika dhidi ya Juma tarehe 6 barua ilipowekwa posta. Hapo Byrne inaingia mahali pake, maana ilisema kutengua ofa hakufanyi kazi mpaka habari zimfikie aliyepewa ofa. Lakini dhidi ya Neema ukubali ulikuwa bado, kwa sababu Juma aliujua kwa barua ya tarehe 10. Simu ya tarehe 9 ilimfikia Juma siku moja kabla, hivyo Neema aliutengua ukubali wake ndani ya muda. Juma anaweza kudai kwamba aliyeweka barua posta amejifunga. Mjibu: kifungu cha 4 kinasema amemfunga mtoa ofa, hakijasema amejifunga yeye. Sentensi hiyo ya kujibu hoja ya upande wa pili iandike hata kama unaiona dhaifu.

Hitimisho limegeuka: Juma hana mkataba wa kumshtakia Neema. Na hoja sasa ni mbili. Je, Juma alitengua ofa kabla ukubali haujakamilika dhidi yake? Je, Neema alitengua ukubali kabla haujakamilika dhidi yake mwenyewe?

Ndani ya chumba cha mtihani huna nafasi ya kuandika upya. Kama swali lina dakika 45, tano za mwisho ziwe za kusahihisha, na kalamu iende kwenye matumizi kwanza. Acha mistari mitatu mitupu chini ya kila aya ya matumizi tangu unapoandika, ili sentensi ya simu ipate pa kuingia. Kinachopingana na sentensi mpya kikate kwa mstari mmoja ulionyooka, kisha rudi kwenye hitimisho. Ukiongeza simu ya tarehe 9 halafu ukaacha "Juma amshtaki Neema" pale chini, msahihishaji atasoma majibu mawili yanayopingana na hatakuchagulia lililo sahihi.