P/B ya 0.8 haikwambii kitu mpaka ufungue mizania

Ukianza kazi ya uchambuzi wa hisa, P/B, yaani bei ya hisa ikigawanywa kwa thamani yake ya vitabuni, ni kati ya namba za kwanza utakazofundishwa, kwa sababu ni rahisi kukokotoa. Unachukua mali zote za kampuni, unatoa madeni yote, unabaki na mtaji wa wenyehisa. Ukiugawa kwa idadi ya hisa unapata thamani ya vitabuni kwa hisa moja. Kisha unagawa bei ya sokoni kwa thamani hiyo. Ikizidi 1, soko linalipa zaidi ya kilichoandikwa vitabuni, na ikipungua 1, linalipa pungufu.

Ugumu uko kwenye mizania yenyewe. Kipimo hiki kinafaa tu pale ambapo kinachoiingizia kampuni fedha ndicho kilichoandikwa kwenye mizania, na kimeandikwa kwa thamani inayokaribia ukweli. Benki inatimiza sharti hilo kwa kiasi kikubwa. Mali zake ni mikopo, hati fungani za serikali na fedha taslimu, zote zikiwa ahadi za kulipwa kiasi kinachojulikana kwa tarehe inayojulikana. Madeni yake ni amana za wateja, nazo zinajulikana hadi senti. Zaidi ya hapo, mtaji ndio unaoamua benki ikue kiasi gani. Kenya, kwa mfano, Benki Kuu inataka mtaji wa msingi usipungue asilimia 10.5 ya mali zilizopimwa kwa uzito wa hatari. Mtaji ukipungua, benki haina ruhusa ya kukopesha zaidi, hata wateja wakipanga foleni mlangoni.

Tuchukue benki ya kubuni. Ina mali za shilingi bilioni 1,000 na madeni ya bilioni 850, kwa hiyo mtaji wake ni bilioni 150. Hisa ziko milioni 500, kila moja ina thamani ya vitabuni ya shilingi 300. Sokoni inauzwa 240. P/B ni 0.8, na mgeni wa soko ataona anauziwa mali ya mia kwa themanini.

Kabla hajanunua, asome kurasa za nyuma za hesabu. Kwanza, ndani ya bilioni 150 mna bilioni 15 za programu za kompyuta na thamani ya jina, yaani kiasi kilicholipwa zaidi ya thamani ya mali zake baada ya kutoa madeni, iliyotokana na kununua benki ndogo. Vitu hivyo havilipi amana za watu, na mamlaka zinazosimamia benki kwa kawaida huviondoa wanapohesabu mtaji. Na wewe viondoe, ubaki na bilioni 135.

Pili, mikopo ni bilioni 600, na asilimia 10 yake ni mikopo chechefu, yaani bilioni 60. Benki imetenga bilioni 25 kwa ajili ya hasara hiyo, hivyo bilioni 35 bado zinahesabiwa kama mali nzima. Tuseme dhamana zikiuzwa zitarudisha nusu ya hizo bilioni 35. Hapo hasara ya bilioni 17.5 inakuja, bado haijaandikwa. Mtaji unashuka hadi bilioni 117.5, yaani shilingi 235 kwa hisa. Bei ilikuwa 240. Punguzo lote limekwisha, na bado hatujagusa kodi wala gharama za mawakili. Hiyo nusu ni makadirio yangu. Wewe utaweka yako, ila uwe na sababu: nyumba ya mjini yenye hati safi haiuziki kama shamba lenye kesi mahakamani.

Kuna swali jingine ambalo wengi hulisahau. Benki hii inapata faida ya bilioni 18 kwa mwaka, sawa na asilimia 12 ya mtaji wa bilioni 150. Mwekezaji anayetaka asilimia 15 kwa hatari ya aina hii, na asiyetarajia faida ikue, atalipa bilioni 18 gawanya kwa 0.15, yaani bilioni 120. Hiyo ni shilingi 240 kwa hisa, bei ileile ya sokoni. Kwa hiyo 0.8 si lazima iwe kosa la soko. Inaweza kuwa hukumu yake kwamba shilingi moja ndani ya benki hii inazaa kidogo kuliko inavyotakiwa. Siku zote weka faida kwa mtaji kando ya P/B. Benki yenye 0.8 inayopata asilimia 20 ndiyo inayostahili usiku wako mzima wa kusoma. Mwishoni mwa 2023, hisa za benki ya KCB pale Nairobi ziliuzwa chini ya nusu ya thamani ya vitabuni, wakati mikopo chechefu ya sekta nzima ya benki Kenya ilikuwa karibu asilimia 15. Wanunuzi walijua kusoma vitabu vizuri tu. Walichotilia shaka ni kama vitabu vilikuwa vimeandika hasara yote.

Hati fungani nazo zina mtego wake. Benki ikisema itazishika mpaka ziive, kanuni za uhasibu huiruhusu kuziandika kwa gharama, hata kama bei yake sokoni imeanguka. Silicon Valley Bank ya Marekani ilifunga 2022 ikiwa na mtaji wa takriban dola bilioni 16. Kwenye hesabu hizohizo ilionekana kwamba hati zilizoshikwa hivyo zilikuwa na thamani ya sokoni pungufu kwa takriban bilioni 15. Haikuwa siri, mtu yeyote angeweza kuisoma. Wenye amana walipokimbilia fedha zao, benki ilifungwa tarehe 10 Machi 2023.

Lakini ona kwamba makosa haya yote yanarekebishika kwa kalamu: unatoa hiki, unapunguza kile, unapata namba iliyo karibu na ukweli. Kwenye kampuni ya programu hakuna pa kuanzia. Mishahara ya waandishi wa programu, ambayo ndiyo kiwanda chao, kwa sehemu kubwa huandikwa kama gharama ya mwaka na kupotea. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu, IAS 38, inaruhusu sehemu ya gharama za uendelezaji iwe mali pale masharti yakitimia, ila jina la bidhaa lililojengwa ndani na mazoea ya wateja haviingii kabisa. Microsoft ilifunga mwaka wake wa fedha Juni 2024 ikiwa na mtaji wa takriban dola bilioni 268 na faida ya bilioni 88, huku soko likiithamini zaidi ya trilioni 3. P/B ikawa kama 12. Ghali? Namba hiyo haiwezi kujibu, kwa sababu Windows yenyewe karibu haimo kwenye mizania.

Oracle inaonyesha ubaya zaidi. Ilinunua hisa zake kwa wingi, kwa sehemu kwa fedha za mikopo, hadi Mei 2022 mtaji wake ukawa chini ya sifuri. P/B ya namba hasi haina maana yoyote, ilhali kampuni iliendelea kuuza na kupata faida.

Na hata mtaji unaoonekana huenda unapima manunuzi tu. Katika zile bilioni 268 za Microsoft, takriban 119 ni thamani ya jina iliyotokana na kununua kampuni nyingine, zikiwemo LinkedIn na Activision. Programu ikiandikwa na wafanyakazi wako ni gharama. Ileile ikinunuliwa pamoja na kampuni iliyoiandika, inakuwa mali. Ndiyo maana kampuni mbili za programu zenye mapato sawa zinaweza kuwa na P/B zinazotofautiana mara kadhaa. Kwa hizi, anza na fedha taslimu zinazobaki kila mwaka baada ya gharama zote, zikiwemo hisa wanazopewa wafanyakazi, kisha uangalie wateja wangapi wanalipa tena mwaka unaofuata.