Mzaha katika barua pepe kwa mtu asiyekujua

Nafanya kazi ya manunuzi katika hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja, na asubuhi zangu nyingi huishia kwenye barua pepe za watu nisiowajua. Huyu anauza mashuka, yule anafunga sola, mwengine anataka kututengenezea tovuti. Nyingi huanza na sifa za kampuni, na nikifika mstari wa pili huwa nimeshajua kwamba mwandishi hakunikusudia mimi. Barua yenye mzaha mdogo naisoma mpaka mwisho. Lakini hata barua zilizowahi kuniudhi kuliko zote zilikuwa za mzaha, na tofauti baina ya hizo mbili inafaa kuelezwa vizuri, kwa sababu wauzaji wadogo wa hapa kwetu sasa wanafundishwa kwamba kuchekesha kunafungua milango.

Nianze na iliyofanikiwa. Kikundi cha kinamama wanaolima mwani upande wa Paje waliniomba niwasaidie kuandika kwa hoteli nyengine (kwetu hawakuhitaji barua, tunajuana). Tuliyokubaliana ilikuwa hivi:

"Kichwa: Sabuni ya mwani kwa vyumba vyenu, sampuli Jumatano

Assalaamu alaykum. Sisi ni kinamama wa Paje, tunatengeneza sabuni kwa mwani tunaoulima wenyewe. Wageni wenu wameshatujua kwa miguu: maji yakitoka wanakanyaga kamba zetu, kisha wanakuja kulalamika mapokezi. Safari hii tungependa wakutane na mwani wetu bafuni, ukiwa umeshakuwa sabuni. Kipande kimoja ni gramu 25, kimefungwa kwa karatasi bila ya plastiki. Bei ya vipande 500 iko chini ya barua hii. Jumatano tutapita na sampuli. Tumwachie nani?"

Mzaha ni mmoja tu, na una kazi ya kufanya. Meneja yeyote wa hoteli baina ya Paje na Jambiani ameshasikia mgeni akilalamikia zile kamba na vijiti, kwa hiyo akifika hapo anatabasamu na papo hapo anajua kwamba aliyeandika anaifahamu pwani yake. Barua hiyo haiwezi kutumwa kwa hoteli ya Dodoma. Halafu mzaha wenyewe ndio unaomfikisha kwenye bidhaa: kamba zinazomletea malalamiko ndizo zinazotoa sabuni. Ukiuondoa, barua bado inasimama, ina nani, nini, bei gani na lini. Mimi huupima kila mzaha hivyo. Kama ukiufuta barua inabaki haina kitu, basi hukuwa na barua.

Binti aliyekuwa akichapa alitaka kuongeza kwamba wageni wanarukaruka kama kaa wakikanyaga kamba. Kweli tulicheka sote pale ukumbini. Nikamuomba autoe, kwa sababu wale ni wateja wa meneja, na anayewacheka anamlazimisha achague baina ya kucheka naye na kuwatetea watu wanaomlipa. Kwetu utani una wenyewe. Babu na mjukuu wana ruhusa ya kutaniana, mashemeji wana ruhusa, na wanaambiana maneno ambayo mtu mwengine akiyasema ni ugomvi. Anayeandika kwa mara ya kwanza hajapewa ruhusa hiyo. Anachoweza kukifanyia mzaha bila ya kumgusa mtu ni kitu chake mwenyewe, au hali ambayo yeye na msomaji wote wawili wanaiona.

Kichwa cha barua tulikiacha kikavu kwa makusudi. Kwenye simu yanaonekana maneno machache tu ya mwanzo, na meneja anayepekua barua akiwa kwenye boti au jikoni anatafuta kujua hii inahusu nini. Pia kichwa ndicho kinachosafiri. Mimi nikipendezwa na kitu naipeleka barua ile ile kwa mhasibu, naye anaipeleka kwa mkurugenzi aliye nje ya nchi. Mzaha ulionichekesha mimi asubuhi unafika kwa mtu wa tatu ambaye hajui mwani, hajui Paje, na ana maswali ya bei tu.

Sasa ile iliyoharibika. Muuzaji mmoja wa mashuka alimwandikia meneja wetu, hakujibiwa, akaandika tena, kisha akatuma ile barua ya tatu inayozunguka sana siku hizi, ambayo msomaji anaombwa ajibu kwa namba tu: moja, sina haja, mbili, niandikie baadaye, tatu, nimepatwa na jambo, niokoe. Hii ya kwake, namba tatu ilisema: "Nimezama baharini, niletee boya." Meneja wetu ni mtu wa Pemba. MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, na mwaka uliofuata, Julai 2012, ikazama MV Skagit ikitokea Dar es Salaam. Visiwani hapa, hasa Pemba, ni taabu kumpata mtu mzima asiyemjua aliyefiwa katika meli hizo. Meneja aliisoma, akaifunga, akaniambia jina lile nisimletee tena. Mashuka yenyewe yalikuwa mazuri na bei ilitufaa.

Kilichokosewa pale ni zaidi ya kuchagua bahari. Barua ya kufuatilia yenye mzaha inafanyia mzaha ukimya wa mtu, na mwandishi hajui ukimya ule umetoka wapi. Mtu huenda yuko msibani, huenda anauguza, huenda yuko eda. Ukimwambia "umetoroka?" unamhukumu. Ndiyo maana barua ya pili ya kinamama wa Paje ilikuwa na mistari miwili bila ya mzaha wowote: sampuli tulimwachia fulani mapokezi tarehe fulani, na bei ni ile ile mpaka mwisho wa mwezi.

Jengine linaloudhi ni msimu. Aprili na Mei, mvua za masika zikishika, hoteli nyingi zinafunga au zinapunguza watu. Nimepata barua isemayo, "Najua sasa hivi hamna wageni, kwa hiyo una nafasi ya kunisoma." Niliisoma wiki ambayo wenzangu wa vyumbani walikuwa wamerudishwa majumbani bila ya mshahara. Ingekuja Januari pengine nisingeijali.

Kama meneja ni mgeni na unaandika kwa lugha yake, mzaha uwe juu ya kitu kinachoonekana kwa macho, kama kamba za mwani. Mchezo wa maneno na methali haufiki ng'ambo ya pili.

Utajua umefanikiwa kwa namna unavyojibiwa. "Hahaha, nimeipenda!" bila ya swali lolote maana yake umechekesha na sabuni imesahaulika; hapo jibu kwa bei na tarehe, usirudishe mzaha mwengine. Meneja mmoja aliwajibu kinamama, "Leteni huo mwani unaonipigia kelele mapokezi, na mniambie kama mnaweza kutoa vipande 800 kwa mwezi." Huyo ameuchukua mzaha na kuagiza kwa wakati mmoja, na sasa yeye ndiye aliyefungua mlango wa utani. Kinamama walimjibu kwa furaha kwamba wanaweza, ila wiki za maji mafu hawaingii shambani, kwa hiyo sabuni itatoka kwa mikupuo miwili. Ankara waliyoambatanisha haikuwa na neno la kuchekesha, kwa sababu ilikuwa inakwenda kwa mhasibu.