Jumla ya 1/(n·2ⁿ): ln 2 inatokea wapi?

"Mwalimu wetu skuli hapa Wete kasema jumla ya 1/(n·2ⁿ), n kuanzia 1, ni ln 2. Imetokaje?"

Mdogo wangu, anza na 1 + x + x² + … = 1/(1−x). Intigreti pande zote mbili kuanzia 0 hadi x. Kushoto unapata x + x²/2 + x³/3 + …, na kulia −ln(1−x). Sasa tia x = 1/2: kulia inakuwa −ln(1/2), yaani ln 2.

Kuna bwana mmoja kakujibu kwamba jumla ni 1; hiyo ni jumla ya 1/2ⁿ tupu. Ile n ya chini kaiacha. Jaribu mwenyewe: 1/2 + 1/8 + 1/24 + 1/64 + 1/160 ni kama 0.6885, na vilivyobaki vyote havifiki 1/192. Kufika 1 haiwezekani. ln 2 ni 0.6931.

Ila usitie x = 2, maana mfululizo unakimbia na ln(−1) itakucheka.

Na dada uliyeuliza jumla ya 1/(n²·2ⁿ): hapo gawa −ln(1−x) kwa x, uintigreti tena kutoka 0 hadi 1/2. Intigrali hiyo haifunguki kwa njia za skuli.